Hemoglobini iliyoshuka baada ya damu kukoma: kisa cha fundi wa mabati wa Bukavu

Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 27, mwenye uzito wa kilo 60, fundi wa kuezeka nyumba katika mtaa wa Kadutu, Bukavu. Saa nne asubuhi bati jipya liliteleza kutoka mikononi mwa mwenzake aliyekuwa juu ya paa, likamkata paja la kulia kwa ndani. Wenzake walilifunga kwa kitenge, wakampandisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na kwa kuwa barabara ya mtaa ule ina miteremko na foleni, walifika hospitalini baada ya takriban dakika 45. Kitenge kilikuwa kimelowa chote, na damu ilikuwa bado inatoka kwa kuruka kila kilipolegezwa. Kabla ya saa sita mchana tawi la ateri lililokatwa lilikuwa limekwisha kufungwa katika chumba cha upasuaji, na tangu hapo kidonda hakikutoa damu tena.

Lililofanya kisa hiki kistahili kuandikwa ni yale yaliyofuata katika siku mbili zilizofuata, wakati damu ilikuwa imekoma kabisa lakini vipimo vya hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, viliendelea kushuka kila vilipochukuliwa. Mama yake aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: «Dokta, mmesema damu imeacha kutoka, mbona kila siku mnasema inapungua?» Jibu la swali lake limo ndani ya figo, na ili kulieleza ni lazima tuanze na hali aliyofika nayo.

Alipofika alikuwa na fahamu, mwenye wasiwasi, mikono baridi, ulimi mkavu, na akiomba maji. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika. Shinikizo la damu lilikuwa 102 kwa 84. Mtu asiyezoea angeitazama namba ya kwanza tu na kuridhika, kwa maana 102 si mbaya kwa kijana mwembamba. Namba ya kuangaliwa ni ile tofauti kati ya mbili hizo, ambayo hapa ni 18 peke yake, wakati kwa kawaida huwa karibu 40. Namba ya chini ilikuwa imepandishwa na mishipa iliyokaza, na ya juu ilikuwa imeshushwa na moyo uliokuwa na damu kidogo ya kusukuma. Yaani shinikizo lilikuwa limeshikiliwa kwa nguvu.

Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya mwili, hivyo kijana huyu alikuwa na karibu lita 4.2. Kwa hali ya mapigo, shinikizo na ngozi, tulikadiria kwamba alikuwa amepoteza lita 1.2 hivi, yaani kidogo chini ya asilimia 30 ya damu yake yote. Pamoja na hayo, hemoglobini ya kwanza ilisoma gramu 13.8 kwa desilita, kipimo cha mtu mzima wa afya. Hakuna ajabu katika hilo. Anayevuja damu hupoteza chembe na maji ya damu kwa pamoja, kwa uwiano uleule, na damu iliyobaki inakuwa kidogo bila kuwa nyepesi. Kipimo cha hemoglobini husema damu ni nzito kiasi gani. Hakisemi ni nyingi kiasi gani. Kwa sababu hiyo hemoglobini nzuri katika saa ya kwanza haimtoi mgonjwa hatarini, na sikuitumia kuamua lolote siku ile.

Alipewa lita moja ya serumu ya Ringa lakteti. Mapigo yalishuka hadi 104, mikono ikaanza kupata joto, na kwa kuwa chanzo cha damu kilikuwa kimefungwa, tuliamua kutomwongezea damu, ila kumwangalia kila saa. Kutoka hapo kazi kubwa ilikuwa ya mwili wake mwenyewe.

Katika ukuta wa kila kijishipa kinachoingiza damu kwenye kichujio cha figo kuna chembe chache zinazotengeneza kimeng'enya kiitwacho renini. Zinakitoa kwa sababu tatu, na kwa kijana wetu zote tatu zilikuwapo kwa wakati mmoja. Ukuta wa kijishipa haukuwa unatanuliwa kama kawaida kwa sababu shinikizo linalofika figo lilikuwa limepungua. Chumvi iliyofika katika sehemu ya mrija wa figo inayopita kando ya chembe hizo ilikuwa chache, kwa sababu kiasi kinachochujwa kilikuwa kimepungua. Na neva zilezile zilizokuwa zinauharakisha moyo zilikuwa pia zinaziamuru chembe hizo zitoe renini. Wanasayansi wawili, Tigerstedt na Bergman, ndio walioonyesha mwaka 1898, huko Stockholm, kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika figo ya sungura hupandisha shinikizo la damu, na wao ndio walioipa renini jina lake.

Renini yenyewe haikazi mshipa wowote. Kazi yake ni kukata protini inayotengenezwa na ini, anjiotensinojeni, na kuacha kipande kidogo kiitwacho anjiotensini ya kwanza, ambacho bado hakina nguvu ya maana. Kipande hicho kinapopita katika mishipa, hasa ya mapafu, kimeng'enya kingine hukikata tena na kupata anjiotensini ya pili. Hii ndiyo yenye nguvu. Haidumu katika damu zaidi ya dakika moja au mbili, kwa hiyo mwili unaweza kuiongeza au kuipunguza kwa haraka kulingana na hali ilivyo, mradi renini inatoka.

Jambo la kwanza ambalo anjiotensini ya pili hufanya ni kukaza mishipa midogo, na kwa kijana wetu hilo, likisaidiana na kazi ya neva, ndilo lililoishikilia namba ya 84. Kukaza huko kuna tokeo la pili lisiloonekana kwa macho. Mshipa unaoelekea kwenye kapilari ukikaza, shinikizo ndani ya kapilari hushuka, na maji yaliyokuwa kati ya chembe za mwili, kwenye misuli na chini ya ngozi, huanza kuingia ndani ya mishipa. Kwa namna hii damu hukopa maji kutoka kwa tishu, na mkopo huo huanza kutolewa dakika chache baada ya mtu kukatwa na huendelea kwa saa nyingi. Maji hayo hayana chembe nyekundu. Kwa hiyo kadiri mishipa inavyojaa, ndivyo damu inavyokuwa nyepesi na hemoglobini inavyoshuka.

Hapo ndipo jibu la swali la mama linapoanzia, na hesabu yake ni rahisi kiasi cha kufanywa kando ya kitanda. Tukichukua kwamba kabla ya ajali alikuwa na gramu 14 kwa desilita, yaani 140 kwa lita, basi katika lita 4.2 alikuwa na gramu 588 za hemoglobini mwilini. Lita 1.2 zilizomwagika ziliondoka na gramu 168, zikabaki 420. Siku akirudi kuwa na lita zake 4.2, gramu hizo 420 zitakuwa zimesambaa katika ujazo wote, na kipimo kitasoma 100 kwa lita, yaani 10 kwa desilita. Niliiandika namba hiyo 10 kwenye faili lake mchana uleule, kama kipimo tunachotazamia ikiwa kila kitu kitakwenda vizuri.

Saa kumi na mbili jioni hemoglobini ilikuwa 11.8. Ukigawa 420 kwa 118 unapata kwamba mishipa yake sasa ilikuwa na karibu lita 3.55. Ya serumu iliyoingia, takriban robo tu hubaki ndani ya mishipa, mililita 250 hivi. Kilichozidi hapo kilikuwa kimetoka kwenye tishu. Asubuhi iliyofuata kipimo kilikuwa 10.8, na asubuhi ya pili 10.1. Muuguzi wa zamu alikuwa na hofu ya haki kwamba kidonda kinavuja kwa ndani, na hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa maana hemoglobini peke yake haiwezi kutofautisha damu inayovuja na damu inayojaa maji. Vipimo vingine ndivyo vinavyotofautisha. Anayevuja, mapigo yake hupanda, tofauti ya namba mbili za shinikizo hupungua, mikono hurudi kuwa baridi na mkojo hukauka. Kijana wetu alikuwa akienda kinyume chake: mapigo yalitoka 104 hadi 92, kisha 80; shinikizo la asubuhi ya pili lilikuwa 114 kwa 72; na paja lililopimwa kwa utepe halikuwa limeongezeka unene hata kidogo. Kushuka kwa hemoglobini pamoja na kushuka kwa mapigo ni dalili ya mtu anayepona.

Lakini mkopo wa tishu una mpaka, na hapa ndipo sehemu ya pili ya mfumo huu inapohitajika. Maji yaliyotoka kwenye misuli na ngozi lazima yarudishwe, na hayawezi kurudishwa bila sodiamu, kwa sababu sodiamu ndiyo inayoyashikilia maji nje ya chembe. Figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za maji kila siku, pamoja na takriban milimoli 25,000 za sodiamu, na karibu zote hurudishwa mwilini kabla hazijafika kwenye kibofu. Baada ya kuvuja damu, hata kile kidogo ambacho kwa kawaida kingetoka huzuiwa.

Katika saa ya kwanza kazi hii hufanywa na anjiotensini ya pili yenyewe, ambayo huifanya sehemu ya mwanzo ya mrija wa figo ivute sodiamu kwa nguvu zaidi. Wakati huohuo inaamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni. Wengi huandika kana kwamba aldosteroni huanza kazi papo hapo, na hilo si sahihi. Homoni hii huingia ndani ya chembe za sehemu ya mwisho ya mrija, hufika hadi kwenye jeni, na kuifanya chembe itengeneze protini mpya za kupitisha sodiamu. Kazi hiyo huchukua saa moja hivi kuanza kuonekana na saa nyingi kufikia nguvu yake yote. Kwa hiyo aliyekatwa saa nne asubuhi huokolewa saa tano na mishipa iliyokaza. Aldosteroni huja kuulipa mkopo mchana, usiku na kesho yake.

Mkojo wake ulionyesha hayo yote. Sondi ilikuwa imewekwa kabla ya upasuaji, na katika saa sita za kwanza alitoa mililita 20 kwa saa, wakati kwa uzito wake tungetaka angalau 30. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai kavu, na uzito wake kwa kijiti cha kupimia ulikuwa 1.030, maana yake umekolea sana. Tulituma sampuli labo: sodiamu ilikuwa milimoli 8 kwa lita, na potasiamu 62. Mtu anayekula kawaida huwa na sodiamu nyingi kuliko potasiamu katika mkojo wake. Hapa uwiano ulikuwa umegeuka, kwa sababu aldosteroni inaporudisha sodiamu hutoa potasiamu.

Usiku huo palipendekezwa furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, ili «kuzifungua figo», kwa kuwa mkojo ni kidogo. Tulikataa, na sababu yake inafaa kuelezwa wazi, kwani pendekezo hilo husikika mara nyingi wodini. Mkojo ule haukuwa mdogo kwa sababu figo zimeshindwa. Figo iliyoharibika haiwezi kukoleza mkojo wala kuzuia sodiamu. Mkojo wake huwa na uzito karibu 1.010 na sodiamu ambayo mara nyingi huzidi 40. Figo za kijana huyu zilikuwa zinafanya kazi yake kwa ukali wote zinaoweza. Furosemidi ingezilazimisha zimwage chumvi na maji wanayoyahitaji moyo na ubongo, na juu ya hayo ingeharibu kipimo cha sodiamu ya mkojo, hivyo kesho yake tusingeweza tena kujua hali ya figo.

Hatari nyingine ilikuwa imeandikwa tayari kwenye karatasi ya dawa: sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Ni dawa ya kila siku, inauzwa kila famasia, na kwa mtu mwenye damu ya kutosha figo haziisikii sana. Kwa aliyevuja damu mambo ni tofauti. Anjiotensini ya pili hukaza zaidi mshipa unaotoa damu kwenye kichujio kuliko ule unaoingiza, na hivyo shinikizo la kuchuja hubaki hata damu ikiwa kidogo. Mshipa unaoingiza huachwa wazi kwa msaada wa prostaglandini, ambazo figo hujitengenezea. Diklofenaki na ibuprofeni huzizuia prostaglandini hizo. Mshipa wa kuingiza ukikaza nao, kichujio hukosa damu pande zote na figo iliyokuwa nzima jioni inaweza kuwa imejeruhika asubuhi. Tuliifuta, tukampa parasetamoli pamoja na tramadoli, na kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilibaki 1.0, yaani ya kawaida, siku zote za kulazwa.

Asubuhi ya kwanza, mama yake alileta bugali na sombe bila chumvi, kwa kuwa jirani alimwambia chumvi inachelewesha kidonda kukauka, na chupa mbili kubwa za maji. Ilinibidi niketi naye. «Mama,» nilimwambia, «mwili wa mtoto wako unazuia chumvi kwenye mkojo, lakini hauwezi kuzuia ile usioletewa.» Homoni hizi zote huzuia upotevu, hakuna hata moja inayotengeneza sodiamu. Lita ile ya Ringa ilikuwa imempa milimoli 130, sawa na takriban gramu 7.6 za chumvi ya mezani. Katika saa 24 za kwanza alikojoa mililita 700 zenye takriban milimoli 7 kwa jumla, kumaanisha kwamba karibu yote ilibaki mwilini. Kiu aliyokuwa nayo, ambayo anjiotensini ya pili huichochea katika ubongo, ilikuwa ya kweli na ilipaswa kutulizwa, ila si kwa maji matupu peke yake. Homoni ya vazopresini, inayotolewa na ubongo katika hali hiyo hiyo, hushikilia kila tone la maji linalonywewa, na mtu akinywa lita nyingi bila chumvi, sodiamu ya damu hushuka hadi kuleta kichwa kuuma, kichefuchefu na hata kuchanganyikiwa. Tulikubaliana sombe litiwe chumvi kama la siku zote, aongezewe supu, na sehemu ya maji ya kunywa iwe yenye pakiti ya ORS, ambayo ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita.

Baba yake mkubwa, aliyekuwa amekaa kando, aliuliza kama naye angepona hivyo, kwa kuwa anameza enalaprili kila asubuhi kwa sababu ya shinikizo la damu. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Enalaprili na kaptoprili hukizuia kile kimeng'enya kinachoikata anjiotensini ya kwanza kuwa ya pili. Mtu anayezimeza akivuja damu kama hii, renini yake hupanda sana lakini inaishia njiani. Mishipa hubaki na neva na vazopresini peke yake, shinikizo huanguka mapema zaidi, na kichujio cha figo hupoteza tegemeo lake. Pia potasiamu, isiyotolewa vizuri bila aldosteroni ya kutosha, huweza kupanda. Nilimwambia asiache dawa zake, kwani zinamlinda, ila siku akivuja damu, au akishikwa na kuhara na kutapika sana, hilo liwe neno la kwanza kwa mhudumu atakayempokea, ili dawa isimamishwe kwa muda.

Siku ya nne tulipima mkojo tena kabla ya kumruhusu. Alikuwa akikojoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, mkojo wa rangi ya majani makavu, na sodiamu ilikuwa milimoli 96 kwa lita. Hemoglobini yake siku hiyo ilikuwa 10.2. Vipimo hivyo viwili vikiwekwa pamoja huonyesha mpaka wa mfumo huu. Figo zilikuwa zimeachia chumvi kwa sababu ujazo umerejea: ukuta wa kijishipa ulikuwa umetanuka tena, chumvi ilikuwa inafika mahali pake, na renini ilikuwa imetulia. Upungufu wa gramu 168 za hemoglobini haukuzihusu chembe za renini hata kidogo, kwa sababu zenyewe hupima shinikizo na chumvi, hazipimi oksijeni. Chembe nyingine za figo zilezile ndizo zinazohisi uhaba wa oksijeni na kutoa erithropoietini, na uboho wa mifupa unaoipokea huhitaji siku kadhaa kabla chembe changa hazijaanza kuongezeka katika damu, na wiki nyingi kabla idadi haijatimia. Kila gramu ya hemoglobini ina takriban miligramu 3.4 za chuma, hivyo alikuwa amepoteza karibu miligramu 570, zaidi ya chakula chake kinavyoweza kurudisha kwa haraka. Aliondoka na vidonge vya chuma vya miezi mitatu, ruhusa ya kurudi kazini baada ya kidonda kufunga, na agizo la kutopanda juu ya paa mpaka hemoglobini ipimwe tena baada ya wiki sita.